Simba Walikula Wangapi?

Skripti ilikuwa imekamilika na sauti imerekodiwa. Kilichobaki ni yale maneno machache ya nje: sentensi ya ndoano, majina ya sura, na maelezo ya kuweka chini ya video. Kazi ya saa moja hivi, nilidhani. Ilitumaliza jioni nzima, na tukakosana.

Video ni ya rafiki yangu, kuhusu wale simba wawili wa Tsavo waliovamia kambi za wajenzi wa reli mwaka 1898. Akasema, "Buda, ndoano iko wazi. Simba wawili, watu 135. Nani hatabonyeza?"

Shida ni kwamba skripti yenyewe, niliyoandika mimi, inaibomoa hiyo 135. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba waliliwa vibarua Wahindi 28, na juu yao Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka rekodi yao rasmi. Ile 135 ilikuja baadaye, baada ya ngozi kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Halafu mwaka 2009 watafiti walipima kemikali katika nywele na mifupa ya simba hao, wakakadiria kwamba walikula watu kama 35. Kumbuka, hao ni walioliwa. Aliyeuawa akaachwa haonekani kwenye mfupa wa simba.

"Lakini si tunasema ukweli ndani?" akauliza. Tunasema, ndio. Dakika ya saba.

Hapo ndipo niliposhikilia. Watu wanaosoma ndoano ni wengi kuliko wanaotazama. Mtu yuko kwenye matatu, anapitisha kidole, anaona 135, anasonga mbele. Kwake yeye video yetu imeisha, na imemwambia uongo. Siwezi kumwambia angengoja dakika ya saba. Kwa hiyo nina kipimo kimoja: naikata sentensi kutoka kwenye skripti, naisoma peke yake kama mtu ambaye hatasikia kingine chochote, na ikiwa inahitaji sentensi nyingine ili iwe kweli, haifai. Ile ya 135 ilianguka papo hapo.

Nikarudi kwenye skripti na kalamu nyekundu. Sikutafuta sentensi tamu. Nilitafuta mahali hadithi inapogeuka. Yetu haigeuki kwa simba. Inageuka pale msikilizaji anapogundua kwamba kuna wafu waliohesabiwa na wengine hawakuhesabiwa. Nikaandika: "Vibarua Wahindi walioliwa na simba wa Tsavo walihesabiwa: 28. Waafrika hawakuhesabiwa." Akanyamaza kidogo. "Inauma," akasema. "Sawa, hiyo iende."

Sura zilikuwa na vita vyake. Nilikuwa nimekadiria muda kutoka kwa maneno: skripti ya maneno 1,100, nasoma kama 110 kwa dakika, basi neno la 770 liko dakika ya saba. Hesabu nzuri kwa rasimu, lakini usiichapishe. Baada ya picha na vituo kuingia, sehemu ile ilisogea hadi 07:40, na alama ya zamani ingemwangusha mtazamaji katikati ya sentensi. YouTube yenyewe inataka alama zianze sifuri, ziwe angalau tatu kwa mpangilio, na kila sura iwe na angalau sekunde kumi. Mahali pa kukata ni juu yako. Mimi hukata pale swali linapobadilika, hata kama bado tuko kwenye kambi ileile.

Yeye alitaka sura ya mwisho iitwe "Jibu: 35". Nikakataa, kwa sababu 35 si jibu, ni kadirio lenye mpaka wake. Nilitaka jina linalosema utakachokuta bila kukupa namba isiyo na maelezo yake:

```
00:00 Nani alihesabiwa?
01:15 Daraja la Tsavo, 1898
03:50 Kitabu cha Patterson
05:30 Ile 135 ilitoka wapi
07:40 Nywele na mifupa
```

Maelezo yalikwenda haraka. Mistari ya mwanzo ndiyo mtu hukutana nayo kwanza, kwa hiyo ndoano ikakaa hapo, kisha chini namba zote tatu, kila moja na aliyeisema.

Tulipokuwa tunafunga kompyuta akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Na mtu akisoma harakaharaka akaona 28 tu, si ataenda kusema simba walikula watu 28?"

Nikaisoma tena ndoano yangu, ile niliyojivunia, kwa kipimo changu mwenyewe. Alikuwa na hoja, bana. Tukaiondoa namba kabisa, ikabaki: "Simba wa Tsavo walikula vibarua Wahindi, wakahesabiwa. Walikula Waafrika, hawakuhesabiwa." Haina ukali wa mwanzo. Ndivyo tulivyoipandisha.