Hesabu Iliyoificha Hatari ya Kakao

Mkulima wa kakao wa Ikolo, Kyela, akizungumzia hatari ana maana moja tu: bei kushuka. Bei ikipanda kwa kishindo mnadani, hakuna anayelalamika pale AMCOS. Ndiyo maana kipimo kinachohesabu hasara peke yake kinatuvutia wengi, na mimi nimo. Harry Markowitz alikijadili katika kitabu chake cha mwaka 1959 kwa jina la nusu-varianzi, na baadaye ukaja uwiano wa Sortino. Ni kipimo kizuri, ila mwaka 2024 kilikuwa mtego kwa yeyote aliyekitumia kwenye kakao.

Tuifanye hesabu yenyewe. Bei ya kakao katika soko la New York, ambayo bei ya Kyela huifuata kwa mbali, ilikuwa kama dola 2,400 kwa tani mwishoni mwa 2018. Miaka minne iliyofuata ilibadilika kidogo tu: ikapanda takriban asilimia 5, kisha 2.5, ikashuka 3, ikapanda 3. Halafu mwaka 2023 ikaruka asilimia 61, na 2024 asilimia 178, ikafunga mwaka karibu na dola 11,700.

Wastani wa miaka hiyo sita ni asilimia 41 kwa mwaka. Sasa tafuta hasara. Imo moja tu, ile ya 3. Izidishe kwa yenyewe upate 9, gawanya kwa miaka yote sita upate 1.5, na hiyo ndiyo nusu-varianzi. Kipeuo chake cha pili ni 1.2, yaani mkengeuko wa upande wa hasara ni asilimia 1.2. (Wengine hugawanya kwa miaka ya hasara peke yake. Hilo ni kosa, kwa sababu miaka mizuri nayo ilikuwa na nafasi ya kuwa mibaya.) Gawanya 41 kwa 1.2, uwiano wa Sortino unakuja 34.

Thelathini na nne! Wanaosimamia fedha za watu hufurahi wakipata 2. Ukimwekea namba hiyo mezani mtu mwenye shamba la mpunga anayewaza kung'oa mpunga apande mikakao, sijui nani angesita. Lakini namba kubwa kiasi hicho ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Haikusema kwamba kakao haina hatari. Ilisema kwamba katika miaka sita hasara ilionekana mara moja, na ilikuwa ndogo. Kipimo kinachosimama juu ya tukio moja hakijapima kitu.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye kile kilichotupwa nje ya hesabu. Mkengeuko sanifu, unaohesabu kupanda na kushuka pamoja, ulikuwa asilimia 65. Wastani uleule wa 41 ukiugawanya kwa 65 unapata 0.6 tu. Bei inayoweza kuruka hivyo kwenda juu inaweza kuporomoka vilevile, hasa ukijua imeruka kwa nini: mavuno yalikuwa mabaya Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mvua na magonjwa ya kule ndiyo yaliyotupandishia bei huku Kyela. Kule mambo yakitengemaa, faida yetu inaondoka.

Na ikaondoka. Mwaka 2025 ulifunga kwenye dola 6,000 hivi, pungufu ya asilimia 48. Uongeze mwaka huo mmoja kwenye hesabu: wastani unashuka hadi 28, mkengeuko wa hasara unapanda kutoka 1.2 hadi 18, na Sortino inatoka 34 hadi 1.6. Miaka sita ya kumbukumbu imefutwa na mmoja.

Kuna dalili nyingine, nayo inamhusu aliyekopa. Katika hesabu ya juu tuliweka mpaka wa hasara kwenye sifuri. Mwenye mkopo wa riba ya asilimia 15 mpaka wake si sifuri. Mwaka uliompa 5 umemwacha nyuma kwa 10. Ukiweka mpaka kwenye 15, katika ile miaka sita, minne inageuka kuwa ya hasara, mkengeuko unakuwa 11, na Sortino, tukitoa kwanza 15 kwenye wastani, inabaki 2.4. Yote hayo yangeweza kuonekana Desemba 2024, kabla bei haijashuka.

Basi ndugu yangu, kabla ya kuuamini uwiano huu, hesabu kwanza ni miaka mingapi iliyoanguka chini ya mpaka wako. Ikiwa mmoja au miwili, rudi nyuma utafute miaka zaidi; na ikikosekana, weka mwenyewe mwaka wa kushuka nusu uone kinachobaki. Mkakao huchukua miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa. Aliyepanda kwa bei ya 2024 hajauza hata kilo moja kwa bei hiyo.