Siku ya Kulirudisha Gari

Wanangu, miaka yote hii nawaona mkitua Jomo Kenyatta, mkishika ufunguo wa gari la kukodi na kuondoka mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Siwalaumu. Mmechoka, na nyumbani wanawangoja. Ila taabu ya gari hili huwa siku ya kulirudisha, na hupikwa pale pale mnapotia sahihi bila kuuliza.

Ulizeni kwanza: gari nilirudishe wapi? Mtu wa kampuni aweza kukukabidhi gari kwenye maegesho ya uwanja, kumbe ofisi yake iko kando ya Barabara ya Mombasa, na huko ndiko anakotaka lirudi. Mwambie akutumie mahali hapo kwenye simu, pamoja na namba ya atakayelipokea. Kisha piga picha ya dashibodi, mshale wa mafuta na kilomita zionekane, uzunguke upige na kila ubavu wa gari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa mafuta. Mkataba wa kawaida hutaka ulirudishe limejaa kama ulivyopewa. Likipungua, watajaza wao kwa bei yao na kukutoza kazi ya kujaza. Hapa ndipo wengi wananaswa na barabara ya juu, ile ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Ukiipanda Westlands inakupeleka hadi uwanjani, na vituo vya mafuta vya Barabara ya Mombasa unaviona vikibaki chini yako. Hata ile ofisi unaweza kuipita juu kwa juu.

Tuseme ndege yako inaruka saa nne usiku, nawe unataka kuwa ndani saa moja. Jaza Westlands saa kumi, kabla ya kupanda, mpaka pampu ijikate yenyewe. Barabara yote, hadi Mlolongo, ni kilomita 27. Gari dogo linalokwenda kilomita kumi kwa lita halitamaliza lita tatu, na mshale hautashuka sana. Weka risiti, maana ina saa na lita. Na usome kifuniko cha tangi: dizeli ikiingia kwenye gari la petroli, ndege utaiona ikipaa.

Kama gari linarudishwa uwanjani, kumbukeni ukaguzi wa langoni. Abiria huenda wakatakiwa kushuka na kukaguliwa kwa miguu, dereva apite na gari peke yake. Jioni foleni huwa ndefu, na mwenye watoto na mizigo hawezi kuharakishwa.

Basi fikeni mapema, mumpate mpokeaji kungali na mwanga, mlizunguke gari pamoja naye na picha zenu mkononi. Aandike kwamba halina jeraha jipya na tangi limejaa, atie sahihi, ndipo mmpe ufunguo.