Mwenzio Haumwi Mgongo

Habari hii nimeruhusiwa kuiandika na mwenyewe, kwa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje jina. La pili, nisiandike "sehemu za siri". "Andika korodani, kaka," aliniambia. "Siri ndiyo iliyoniponza."

Ni binamu yangu, fundi seremala mjini Tanga, na mambo haya yalimkuta akiwa na miaka 29. Oktoba 2023, akiwa bafuni jioni baada ya kazi, mkono wake wenye sabuni ulikutana na kitu upande wa kushoto. Kidogo kama punje ya choroko, kigumu, kimegandamana na korodani yenyewe. Alikibonyeza, hakikuuma. Akakibonyeza tena kwa nguvu, hakikuuma vilevile. Akajimwagia maji, akatoka.

Kutouma kule kulimtuliza, naye hayuko peke yake katika hilo. Sisi tumelelewa kwamba ugonjwa ni maumivu, na kisichouma kitapita chenyewe. Kumbe kwa korodani mambo ni kinyume. Ikipindana ghafla kwenye kamba yake, mtu hulia kwa maumivu na anatakiwa afike hospitali ndani ya saa chache, kama 6 hivi, la sivyo inakufa. Saratani ya korodani kwa kawaida huanza kimya. Ni ugonjwa wa vijana zaidi kuliko wazee, kuanzia miaka 15 hadi 40 hivi, na kwetu Waafrika ni nadra kuliko kwa Wazungu. Unadra huo nao una madhara yake, maana hakuna mjomba aliyewahi kuugua akatuhadithia.

Tunachokijua watu wa pwani ni busha. Busha linaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, ingawa wazee wetu bado wanayasingizia madafu. Na busha kwetu ni kichekesho. Mwenye nalo hupewa majina, hutungiwa nyimbo harusini, na kijana wa miaka 29 hataki hata kudhaniwa. Basi binamu yangu akajikuta kati ya aibu mbili: kama ni busha atachekwa, na kama si busha hajui ni nini. Akaacha kuoga na wenzake uwanjani baada ya mpira. Nyumbani akaanza kulala na bukta. Mkewe alidhani wamegombana bila yeye kujua.

Februari 11, 2024, saa 5 usiku, alikuwa kwenye kibanda umiza kutazama fainali ya AFCON, Ivory Coast na Nigeria. Kile kipunje sasa kilikuwa kama njugu mawe. Dakika ya 81 Sébastien Haller akafunga bao la pili, Ivory Coast wakachukua kombe 2 kwa 1. Kibanda kikalipuka. Katikati ya kelele mtu mmoja akasema huyu jamaa aliugua saratani, Julai 2022, akiwa ndiyo kwanza amehamia Dortmund, akapasuliwa, akapigwa dawa, akarudi uwanjani Januari iliyofuata. Mwingine akauliza saratani ya nini. Akajibiwa. Kibanda kizima kikaangua kicheko, na kila mmoja akawa na lake la kuongeza.

"Na mimi nilicheka," binamu yangu aliniambia. "Nilicheka kuliko wote."

Machi ndipo mgongo ulipoanza. Si maumivu ya seremala ambayo anayajua, yale ya kuinama kwenye randa kutwa. Haya yalikuwa ya ndani, ya usiku, hayajali umelala ubavu gani. Akapata sababu ya kwenda zahanati bila kuona haya, maana mgongo ni ugonjwa wa heshima. Dirishani akaulizwa kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Unaumwa nini?" Akajibu, "Mgongo." Ndani kwa daktari akasema mgongo. Alipoulizwa kama kuna kingine, akasema hakuna. Akaandikiwa diklofenaki, akarudi nayo nyumbani. Wiki ya pili akarudi tena, akapewa dawa za mkojo mchafu. Kisha mzee mmoja akamuuzia mizizi ya mshipa, ya kuchemsha na kunywa asubuhi kabla ya chai.

Nimejaribu kumlaumu yule wa dirishani, na nikipata nafasi nitamlaumu tena, kwani swali la namna ile haliulizwi kwa sauti ya mnada. Lakini ndani ya chumba mlango ulikuwa umefungwa.

Aliyelifungua jambo ni mkewe. Alinipigia simu usiku mmoja, akazungumza kwa sauti ya chini kama anayeiba. "Shemeji, mwenzio haumwi mgongo. Nimeona. Yeye amekataa nisimwambie mtu, ila wewe ni nduguye."

Nilipanda basi asubuhi yake. Sikumhutubia, kwa kweli sikujua niseme nini. Nilimwambia twende hospitali, na kwamba atakapoingia kwa daktari nitaingia naye, na asiposema yeye nitasema mimi. Hilo la mwisho ndilo lililomwinua. Afadhali aibu uitaje mwenyewe kuliko kutajiwa na binamu.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko wote mle chumbani. Binamu yangu alinitazama kama niliyemuuza. Binti yule hakuona lolote. Alivaa glavu, akashika korodani ya kulia kwanza, ile nzima, apate kujua ya huyu ikoje, ndipo akahamia kushoto. Kisha akazima taa, akachukua tochi ndogo, akaiegemeza nyuma ya uvimbe. Alitueleza kwamba busha ni maji, na maji yakimulikwa huwaka wekundu kama kiganja ukiziba nacho tochi. Tukatazama. Hapakuwaka kitu. Upande wa kushoto ulibaki mweusi tii.

"Hili si busha," akasema, akaandika utrasaundi ya siku ileile.

Utrasaundi ilionyesha uvimbe mgumu ndani ya korodani. Kisha vipimo vya damu. Kimoja kilimtia wazimu kidogo, maana aliuliza maabara ni cha nini akaambiwa ni homoni ya ujauzito. Alirudi kwangu akinong'ona kwamba wamechanganya karatasi zake na za mwanamke. Hawakuchanganya. Baadhi ya saratani za korodani hutoa homoni ileile inayonaswa na kipimo cha mimba, na yake ilikuwa juu sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu nifike.

Nilidhani watachoma sindano wachukue nyama ya kupima, kama tunavyosikia kwa uvimbe mwingine. Daktari wa upasuaji akasema hapa haifanywi hivyo, kwani sindano ikipita kwenye ngozi ya mfuko inaweza kuzifungulia chembe za saratani njia mpya. Korodani yote hutolewa, tena kwa kupasulia kinenani, pale wanapopasulia ngiri. Kamba inayoishikilia hufungwa kwanza juu kabisa, ndipo inatolewa nzima. Binamu yangu alizinduka akatafuta kidonda mahali alipokitarajia, hakukiona.

Siti skani ya tumbo ndiyo iliyoeleza mgongo. Tezi zilizo nyuma ya tumbo, kando ya mishipa mikubwa karibu na figo, zilikuwa zimevimba. Nikauliza saratani imefikaje huko juu wakati imeanza huku chini. Jibu lake sijalisahau. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huumbwa kule juu, jirani na figo, kisha hushuka taratibu zikiburuta mishipa yake nyuma. Saratani inapotoka, hurudi kwa njia ileile korodani ziliyoshukia. Kwa hiyo pale dirishani, aliposema "mgongo", binamu yangu hakuwa amedanganya. Alitaja mkia wa ugonjwa, kichwa akakiacha ndani ya bukta.

Dar es Salaam alikaa zaidi ya miezi miwili akipewa dripu za kemo, mizunguko 3 ya wiki tatu tatu. Kila mzunguko ulianza na siku 5 mfululizo za dripu, nyingi zikiwa maji matupu ya kuziosha figo, kwa sababu dawa mojawapo, sisplatini, inaziumiza. Imetengenezwa kwa madini ya platini. Kabla ya daktari Lawrence Einhorn wa Indiana kule Marekani kuichanganya na dawa nyingine mwaka 1974, saratani hii ikishasambaa ilikuwa inaua karibu kila mtu. Leo wa hali kama ya binamu yangu, zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Nalisema hili kwa sababu yeye alikaa miezi 6 akikimbia hukumu ya kifo ambayo haikuwapo.

Lakini miezi 6 ile imelipwa. Angefika Oktoba, na kipunje chake cha choroko, huenda ingetosha kupasuliwa, kisha kurudi kila baada ya miezi michache kupimwa damu na picha. Dripu zilipokuja zilichukua nywele, zikarudi. Zilileta mlio masikioni, umepungua. Kabla ya kuanza aliulizwa kama angependa kuhifadhi mbegu zake, kwani dawa zinaweza kuzidhoofisha kwa muda au moja kwa moja. Alikuwa na mtoto mmoja. Akajibu haraka "hapana", kwa aibu ya namna mbegu zinavyopatikana na kwa hofu ya gharama, hata bila kuuliza ni kiasi gani. Mkewe hajapata mimba nyingine hadi leo. Korodani moja nzima humtosha mwanamume kwa watoto na kwa mengine, kwa hiyo bado wanasubiri.

Na vidole. Ncha za vidole zimebaki na ganzi, nayo ni kazi ya sisplatini pia. Nilimkuta karakana mwezi uliopita akimalizia mlango wa mninga. Zamani alikuwa akipitisha kiganja kwenye ubao kujua kama msasa umekolea. Sasa aliinama, akaupitisha ubao shavuni, polepole, akiwa amefumba macho.

Tukakaa kunywa chai. Wanagenzi wake wawili walikuwapo, na akaanza kunieleza mbele yao jinsi anavyojikagua ile iliyobaki, mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto ngozi ikiwa imelegea. Unaizungusha kati ya dole gumba na vidole viwili, taratibu. Kwa nyuma utagusa kitu laini kama uzi uliokunjamana. Hicho ni chako, kimeumbwa hapo, usikiogope. Unachotafuta ni kigumu kwenye korodani yenyewe. Kijana mmoja alicheka, mwingine akaacha kutafuna andazi akasikiliza.

"Na wewe kaka," akanigeukia, "umeshawahi kujishika?"

Nikamuuliza mninga siku hizi ubao mmoja ni shilingi ngapi.