Jiwe la Mizani

Mwenzangu alipoomba kuachia ukatibu wa chama chetu cha msingi, huku Newala, bodi ilimkubalia kwa sharti moja: aandae wasilisho la makabidhiano, ili kijana anayekuja kutoka Masasi aendeshe msimu wa korosho bila kupapasa. Ilikuwa Agosti, na ghala letu huanza kupokea Oktoba. Mimi ndiye mhasibu, kompyuta ya ofisi iko mezani kwangu, basi nikawa msaidizi wake bila kuulizwa.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na slaidi 41. Historia ya chama, picha za wenyeviti, ghala siku ya kuezekwa, tani za kila msimu kwa michoro ya rangi. Niliitazama mpaka mwisho, nikamwambia, "Kaka, hii ni hotuba ya kuagwa." Hakufurahi. Lakini mtu akishaitazama yote alijua chama kimefika wapi, na bado hakujua gari la kwanza likirudi kutoka ghala kuu na kilo pungufu afanye nini.

Tukaanza upya, na safari hii tulijiuliza swali moja tu: siku ya kwanza mbaya ya huyu kijana itakuwa ipi? Jibu halikutusumbua. Itakuwa siku ya unyaufu.

Kwa asiyejua mambo yetu: tangu stakabadhi ghalani ianze huku Mtwara mwaka 2007, mkulima hamuuzii mnunuzi uso kwa uso. Huleta korosho chamani, zinapimwa, anapewa stakabadhi ya kilo zake. Chama hukusanya na kupeleka ghala kuu, zinapimwa tena, na kilo za mizani ya pili ndizo zinazokwenda mnadani. Kati ya mizani hizo mbili ndipo makatibu huvunjikia shingo, kwa sababu mkulima anadai kilo za kwanza na mnunuzi analipa za pili.

Slaidi hiyo ilituchukua siku mbili. Chukua kilo 10,000, magunia 125 ya kilo 80. Zikiwa na unyevu wa asilimia 10, humo mna kilo 1,000 za maji na kilo 9,000 za korosho kavu. Zikikaa kwenye chaga, ghala lina hewa, unyevu ukashuka hadi asilimia 9, zile kilo 9,000 sasa ni asilimia 91 ya mzigo, na mzigo mzima ni kilo 9,890 hivi. Kilo 110 zimekwenda na upepo, hakuna aliyeziiba. Kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo serikali ilinunulia mwaka 2018, hizo ni shilingi 363,000.

Hesabu hiyo inafundishika. Kilichokuwa kichwani mwa mwenzangu, ambacho hakipo kwenye daftari lolote, ni namna ya kutofautisha upepo na mkono wa mtu. Unyaufu, alisema, hugawanyika sawasawa: kila gunia limepungua kidogo, na mzigo uliolala ghalani wiki mbili umepungua kuliko uliolala siku mbili. Ukikuta magunia yote yamepungua kiasi kilekile, yawe ya jana au ya mwezi uliopita, shuku mizani. Ukikuta 120 yako sawa na matano yamepungua kilo sita sita, hapo usishike kikokotoo, mwite mlinzi. Aliyasema huku anamenya muhogo, wala hakuona kama ni jambo la kuandikwa. Nililiandika mimi.

Mengine tuliyapita haraka. Nywila za mfumo hatukuziweka popote: yake inafungwa, mrithi anapewa yake. Watia saini wa benki tulianza kuwashughulikia mapema, kwa kuwa benki haibadilishi saini bila muhtasari wa bodi, na katibu akiondoka kabla ya hapo malipo ya wakulima yanasimama. Msimu wa 2018/19 tuliupa slaidi moja, ya kumweleza kijana lile kabati la chini: ni majalada ya uhakiki wa wakati ule, ambapo mwenye korosho zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba lake, kwa sababu walanguzi wa kangomba walikuwa wamepitisha mizigo yao kwa majina ya wakulima. Wapo watu bado huja kuulizia. Asiwajibu kabla hajafungua kabati.

Ikabaki slaidi ya mwisho, tuliyoiita Yasiyokwisha. Aliorodhesha upesi: magunia tupu tuliyoazima chama jirani, madai ya msafirishaji, wakulima watatu ambao fedha zao zilirudi kwa sababu jina la benki halikulingana na jina la rejesta. Kisha akanyamaza. Nilijua kilichobaki, na yeye alijua kwamba najua. Misimu miwili nyuma alichanganya namba za akaunti za wakulima wawili wanaoitwa jina moja, fedha za mmoja zikaingia kwa mwingine. Mpokeaji alikuwa ameshazitumia. Walipatana kwa mdomo, chini ya mkorosho, arudishe kidogo kidogo kila msimu kupitia mkono wa katibu. Hakuna karatasi.

"Hilo litakwisha lenyewe," alisema. "Imebaki awamu moja."

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo. Hakuwa mwizi, wala hakuficha kwa ubaya. Aibu tu, baada ya miaka kumi na moja ya kuitwa katibu kijiji kizima. Lakini amana ikikabidhiwa huku imetobolewa, aliyeipokea ndiye atakayeulizwa tundu limetoka wapi. Yule mkulima angekuja Desemba kudai awamu yake, na kijana wa Masasi angemwona mzee anayedai fedha zisizo na hati, amfukuze. Aibu ya mmoja ingehamia kwa wawili wasio na kosa. Hata hivyo sikuona sababu ya majina ya wakulima kuangazwa ukutani mbele ya mkutano. Tukakubaliana: kwenye slaidi mstari mmoja, "deni la marekebisho ya malipo, angalia jalada", ndani ya jalada, maelezo kwa mkono wake, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na saini za wakulima wote wawili. Alikwenda kuzitafuta mwenyewe kwa baiskeli.

Wasilisho likatoka na slaidi tisa. Siku ya makabidhiano umeme ulikatika kwenye ya nne, tukahamia ghalani.

Huko mwenzangu akatoa jiwe nyuma ya mlango. Mizani yetu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa alama, ila kati ya ukaguzi na ukaguzi kuna msimu mzima wa vumbi. Siku mojawapo ya ukaguzi alilipima jiwe hilo, likawa kilo 20 na gramu 400, akaliandika kwa rangi. Tangu siku hiyo kila asubuhi lilipanda mizani kabla ya gunia lolote. Kwenye orodha ya mali halikuwemo, maana nani huorodhesha jiwe?

"Umelipata wapi?" kijana aliuliza. Swali la haki, huku juu ardhi ni mchanga mtupu.

"Kwenu Masasi."

Watu wakacheka, maana Masasi kwa majabali haina mpinzani. Kijana alilipandisha mizani, akainama kusoma, akasoma tena. Kisha akaomba kalamu na ile orodha, na chini ya meza nne, viti tisa na chaga 60 akaongeza kwa mwandiko wake: jiwe, moja.