Mdogo Wangu Atakaa Kidogo

Uongo niliouandaa ulikuwa mfupi na wa kawaida kabisa: "Baba, nikiwa Kampala mdogo wangu atakaa chumbani kwangu." Aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam ameusikia, na pengine ameusema mwenyewe. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya miezi sita, Agosti hadi Januari, shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa chumba cha masta kilicho uani kwa mzee mmoja Sinza. Wiki mbili baada ya kulipa nikapata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Uganda. Fedha haikuwa ya kurudishwa, kwa kuwa mzee alikuwa ameshanunulia mabati. Na nilikuwa nimempata msichana wa kukaa pale: mwanafunzi wa maabara aliyekuja mjini kwa fildi ya miezi minne, ambaye kila mwenye nyumba alimtaka alipe sita.

Hakuwa mdogo wangu. Tulikuwa tumeonana mara mbili.

Nilijitetea kwamba neno lenyewe ni pana. Kwetu muuza maandazi ni dada, na abiria uliyebanana naye kwenye daladala ni ndugu yangu. Nani amepima damu? Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji anayemsaka rafiki yako hutakiwi kumdanganya. Mwenye nyumba wangu si muuaji, na jioni ninapomkuta mlangoni huwa na kikombe cha kahawa. Basi uongo mdogo kwa mtu mpole, nikasema, utamdhuru nani?

Kilichonizuia hakikuwa Kant. Nilijiuliza kwa nini uongo ule hufanya kazi. Mzee akisikia "mdogo wangu" hafikirii damu. Anafikiria kwamba akidaiwa au akiharibu, kuna watu wa kufuata: mimi, shangazi yangu aliyempigia simu siku ya kwanza, ukoo mzima. Undugu kwake ni dhamana. Mimi nilitaka kumpa jina la dhamana bila dhamana yenyewe. Na yule msichana ningemfanya aishi miezi minne akiigiza, akiulizwa na wapangaji wenzangu bomba la uani habari za mama yetu.

Kwa hiyo nikaenda na ukweli. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Nikaeleza. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja: "Akikataa kutoka, nitamdai nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali tofauti. Hoja yangu ilikuwa kwamba hapotezi kitu, kodi ameshaipata na chumba ni kilekile. Lakini mzee hakuwa anahesabu kodi. Aliponipokea alichagua mtu: aliuliza natoka wapi, ninasoma nini, narudi saa ngapi usiku. Geti ni moja, mita ya luku ni moja kwa vyumba vitatu, na wajukuu zake wanacheza uani. Haki ya kuchagua nani alale ndani ya ukuta wako haiishi kwa sababu umelipwa. Ufunguo ninaweza kumkabidhi mwingine. Imani aliyonipa mimi siwezi.

Sheria ilikuwa upande wangu kidogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate idhini ya maandishi kabla ya kumpangisha mwingine, na inasema idhini hiyo isinyimwe bila sababu ya msingi. Sikumtajia. Ukianza kumsomea mtu vifungu, huombi tena. Isitoshe, sababu yake ilikuwa ya msingi.

Nikarudi chumbani kuandika barua inayojibu swali lake. Niliandika tarehe mbili, Septemba 10 hadi Januari 10, na kwamba ruhusa inakufa yenyewe siku hiyo. Muhula ukiongezwa, nitaomba upya. Niliacha wiki tatu kabla kodi yangu haijaisha, ili kama kuna ubishi wa kutoka, siku zitakazoliwa ziwe zangu na si za mzee. Niliahidi kwamba mimi nabaki mpangaji wake: akikuta kitasa kimevunjika ananidai mimi, na nikiwa mbali anamdai shangazi yangu, ambaye alikubali kutia sahihi. Msichana atanilipa mimi. Mzee asipokee kodi mkononi mwake, maana akianza kuipokea, kesho mtu anaweza kudai kuwa sasa ni mpangaji wake halali. Nikaweka amana ya mwezi mmoja, 120,000, akae nayo mzee mpaka tukague chumba pamoja kwa picha nilizopiga kabla ya kuondoka. Kuhusu luku nilijua ndiko ugomvi wa kila nyumba unakoanzia, basi nikaandika wazi: mchango uleule wa kila mwezi, na hita ya maji hapana. Mwisho, kabla ya kuingia, msichana aje na kitambulisho chake, azungumze na mzee, kisha twende kwa mjumbe akaandikishwe. Mzee akimkataa baada ya kumwona, basi.

Kuna kipengele kimoja nilichokipenda sana nilipokiandika. Kilisema mzee akitoa malalamiko yoyote, msichana ataondoka ndani ya saa ishirini na nne. Nilijua kitamfurahisha, na kweli alipofika hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Msichana alipoisoma alisimama papo hapo. "Dada, nikitolewa saa nne usiku nitalala wapi?"

Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimenunua utulivu wa mzee kwa fedha isiyo yangu. Katika barua ile sisi wawili tulikuwa tukilindana, na mtu wa tatu, mgeni wa mji na asiye na shangazi Sinza, ndiye aliyekuwa akilipa bei ya kulindana kwetu. Na nilikuwa nimepanga kumtoza 150,000 kwa mwezi, kwa sababu ya kitanda, jiko la gesi na feni. Labda kitanda kina bei yake, sikatai. Ila sikuwa nimemwambia mzee, na kitu ninachotaka kuficha kwa mmoja wa watu watatu nimeanza kukitilia shaka. Mzee pia angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini mimi ndiye ninayepata faida juu ya paa lake.

Nikabadilisha. Kodi ni 120,000 ileile, na imeandikwa kwenye barua. Malalamiko yatajwe ni yapi: kulaza mtu mwingine, fujo usiku, kuharibu. Yakitokea, mzee anipigie kwanza, na msichana apewe siku kumi na nne. Akitolewa kabla ya muda, kodi ya siku zilizobaki namrudishia mimi.

Nilimpelekea mzee kwa woga. Alisoma polepole, miwani ikiwa puani, akafika kwenye siku kumi na nne. "Umeongeza."

"Ndiyo, baba. Ni mtoto wa watu."

"Na zile ishirini na nne uliandika ukimfikiria nani?"

Sikuwa na jibu. Akaomba kalamu, akaandika 14 kuwa 7, akaniangalia. Nikamwambia siku kumi. Akaandika 10, akatia sahihi nakala zote tatu, na kabla sijazikunja akauliza huyo binti anatoka mkoa gani, na kama anakula dagaa, maana mkewe hupika nyingi.

Sikumwambia msichana kwamba niliziuza siku nne. Alizisoma mwenyewe, akatia sahihi bila neno.