Simu Moja, Kaunta Buku Mbili

Nyumbani kwetu simu yenye intaneti ni moja, na mchana huenda sokoni na mama watoto, kwa sababu wateja hulipa kwayo. Binti yetu wa kidato cha nne huipata usiku, baada ya kula. Mitihani ya hisabati ya miaka iliyopita tuliipakua siku moja tulipokuwa na bando, tukazima data. Faili likishaingia kwenye simu, kulifungua hakugharimu kitu. Ila asubuhi simu inaondoka, kwa hiyo maswali lazima yahamie kwenye kaunta buku kwa mkono.

Nilidhani kazi yangu imeishia kwenye bando na kalamu. Kumbe ndipo inapoanza.

Wiki ya kwanza alinakili swali hili: 2ˣ × 4 = 32. Kwenye daftari kipeo kilishuka, ikawa 2x × 4 = 32. Akakokotoa, akapata x ni 4. Jibu zima, safi, halina desimali wala sehemu, basi nani atalishuku? Jibu la swali halisi ni 3, kwa kuwa 2ˣ ni 8. Kosa la kunakili linaloleta jibu baya hujifichua lenyewe. Hili lilijificha, akazoea njia isiyo ya swali hilo.

Mimi hisabati hizo sizijui, na maswali yameandikwa kwa Kiingereza. Lakini kuhakiki hakuhitaji kujua. Yeye husoma kwenye simu polepole, akitaja kila namba na kila alama, na kama imekaa juu au chini. Mimi nafuata kwa kidole daftarini. Michoro tunaihesabu: pembe ngapi zina namba, mistari mingapi ina herufi. Mtihani una maswali 14. Tukifanya saba kwa usiku mmoja, inatosha. Zaidi ya hapo macho yanachoka na vipeo vinaanza kushuka tena.

Majibu ya mitihani hiyo yamo kwenye kaunta buku ya pili, ambayo nalala nayo mimi. Mwanzoni aliyaandika chini ya kila swali, akawa anayasoma na kuitikia kwa kichwa kana kwamba ameyapata yeye. Siku hizi anakokotoa kwanza, kisha ananiomba daftari. Na hayo majibu, kwa vile mengine yametoka kwa watu tusiowajua, anayapima: anarudisha 3 mahali pa x, anaona kama 32 inatoka.

Limebaki jambo la vyombo. Saa ile ya simu ilikuwa pia saa ya kuosha masufuria, na bila hata kufikiri tulikuwa tunamwita yeye, huku mdogo wake wa kiume akitazama mpira kwa jirani. Hilo lilikuwa kosa letu wazazi, si lake. Sasa mdogo ndiye anayeosha. Yuko kidato cha pili, na kaunta buku zote mbili zitakuwa zake.