Bakuli la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mnunuzi wa kangomba. Kama umekulia Masasi, Newala au Tandahimba, umeshanielewa, na pengine umeshamhukumu. Kwa wengine nieleze. Kangomba ni kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, kwa kipimo kisicho rasmi, mara nyingi kabla hazijaanguka mtini. Mwenye shida anachukua fedha mwezi wa tatu, analipa kwa korosho msimu ukifika. Mjomba alipimia kwa bakuli la plastiki la kijani, lililopasuka ukingoni.

Mwaka jana nilikaa chini kumwandika. Rasimu ya kwanza ilitoka kwa siku mbili, na marafiki zangu wa Dar es Salaam waliipenda. Kiini chake kilikuwa hesabu moja. Machi 2018 jirani yetu, mama mwenye mikorosho michache, alikuja usiku na mtoto mwenye homa kali. Mjomba alimpa shilingi 60,000. Makubaliano yalikuwa bakuli 60, yaani shilingi 1,000 kwa bakuli. Lakini bakuli lile likijazwa mpaka likafanya kichuguu lilibeba kilo moja na robo. Nalijua hilo kwa sababu siku moja nililipeleka kwenye mizani ya dukani. Kwa hiyo bakuli 60 zilikuwa kilo 75. Novemba mwaka ule serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Kilo 75 kwa bei hiyo ni shilingi 247,500. Nilimalizia rasimu kwa sentensi kwamba mjomba alifurahia shida za watu.

Tarakimu zote zilikuwa za kweli. Hata hivyo niliposoma rasimu ile baada ya mwezi, sikumwona mjomba ndani yake. Niliona mtu mwenye bakuli tu. Nikaanza kujiuliza uongo umeingilia wapi kama kila namba ni sahihi.

Nilichukua kalamu tatu nikapaka rangi kila sentensi: nyeusi kwa nilichokiona kwa macho yangu, bluu kwa nilichoambiwa, nyekundu kwa nilichokisia. Bakuli lilikuwa jeusi. Usiku wa homa ulikuwa wa bluu, kwa sababu nilikuwa shuleni na nilisimuliwa na mama. Sentensi ya mwisho, ile ya kufurahia shida za watu, ilikuwa nyekundu. Sijawahi kumwona mjomba akifurahi siku ya kutoa fedha. Nilimkisia furaha kwa sababu hadithi ilihitaji mtu mbaya, na mtu mbaya asiyefurahia ubaya wake anamsumbua msomaji.

Kisha nikatafuta nilichokiacha. Niliacha jinsi mfumo halali unavyolipa. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, unakatwa makato, kisha fedha inaingia. Mfumo huo umewapa wakulima bei ambazo wazee wetu hawakuziota. Lakini unamlipa mwenye korosho mkononi, na baada ya kusubiri. Hauna dirisha la usiku wa mwezi wa tatu, wakati mikorosho haina hata ua. Kangomba inaishi katika pengo hilo la miezi saba au minane.

Niliacha pia fedha zilikokwenda. Kwetu ukoo unafuata mama, na mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Jando, ada, hata mahari, watu humwangalia mjomba kabla ya baba. Nilisoma shule ya bweni ya binafsi Masasi mjini. Kila Januari mjomba alishuka nami kutoka uwandani kwa basi, sanduku na godoro juu, mpaka tunapoyaona yale majabali ya Masasi, na alilipa ada kwa noti zilizofungwa kwa raba. Noti zile zilitoka kwenye bakuli. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa shahidi aliyesimama pembeni, kumbe nilikuwa mlaji.

La tatu nililiacha kwa makusudi. Baada ya tangazo la Novemba, wakulima walianza kuhakikiwa, na mwenye mzigo mkubwa aliulizwa shamba lake liko wapi. Mjomba alikuwa na mzigo mkubwa kuliko mikorosho yake. Desemba ile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani. Aliniita barazani, akanipa daftari, akaniambia niandike majina ya ndugu na majirani na kuwagawia kilo, ili mzigo uonekane ni wa wengi. Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Jina la jirani yetu yule niliandika mimi mwenyewe, mstari wa nne, kilo 200, wakati yeye hakuwa amebakiwa na hata kilo 20.

Ukurasa ule haukutumika. Mjomba aliondoka nao asubuhi, akarudi nao jioni ukiwa bado umekunjwa mfukoni. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alisema tu, "Niliogopa." Kuhusu mzigo wenyewe ulikoishia, ninajua, na sitaandika. Niliambiwa kwa siri, na hakuna kitu katika maisha yangu kinachonipa haki ya kuieneza.

Kwa hiyo nikaandika rasimu ya pili, na hiyo nayo ilikuwa mbaya, kwa upande mwingine. Sasa mjomba alikuwa mwathirika wa mfumo, mtu mwema aliyebanwa na ukoo na msimu. Machozi yalikuwa mengi. Kila kosa lilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nje yake. Kalamu nyekundu iliipaka rasimu hii zaidi kuliko ya kwanza. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia aibu nilipoligundua: jirani yetu alikuwa amepotea. Alibaki neno "wakulima". Nilimsafisha mjomba kwa kumfuta mtu aliyepimiwa. Tukizungumzia usaliti katika maandishi tunamfikiria ndugu anayeandikwa, ila mwandishi anayempenda ndugu yake anaweza kumsaliti mtu wa tatu bila kutambua, na huyo hana mpwa wa kumwandikia.

Nilifikiri kubadilisha majina kungetatua tatizo. Rafiki mmoja alinishauri nimhamishie mjomba Lindi na kumfanya mnunuzi wa ufuta. Kwa msomaji wa Nairobi hilo lingetosha. Lakini kijijini kwetu hakuna asiyelijua bakuli la kijani, na mimi sina wajomba wanne. Jina la bandia linamficha mtu kwa wasiomjua, yaani kwa wale ambao hawawezi kumdhuru.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na kukaa Newala, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka Ujerumani. Watu aliowaeleza hawakuwa wasomaji wake. Aliondoka, na hakulazimika kumwamkia yeyote kati yao asubuhi iliyofuata. Mimi nitarudi Newala Krismasi na nitasema shikamoo. Nilikuwa nikiliona hilo kama kizuizi cha ukweli. Sasa naona kwamba mara nyingi linausaidia, kwa sababu sentensi nyekundu ni ngumu sana kuisoma mbele ya mtu inayemhusu.

Basi nikaenda kumsomea. Nilikwenda nikiwa nimeamua mambo mawili kabla ya kupanda basi. Akitaka nitoe jambo ambalo ni lake peke yake, nitalitoa. Akitaka nitoe bakuli, sitachapisha kabisa, kwa sababu mjomba bila bakuli ni mtu wa kubuni. Kunyamaza ninaruhusiwa. Kumtunga upya siruhusiwi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na karatasi?"

Nilimsomea barazani, rasimu ya tatu, pamoja na daftari na mstari wa nne. Alisikiliza akibangua korosho za kula. Kwenye hesabu ya kilo na robo hakupinga. Alisema tu, "Uliipima lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa deni. Kisha akaniomba niondoe jambo moja. Halikuwa kangomba, wala daftari. Lilikuwa jambo dogo, aya nzima ambayo mimi niliiona ya upole kabisa, hata ya kumsifu. Nimeiondoa. Kabla ya siku ile ningeapa kwamba najua aibu yake iko wapi, na nilikuwa nimekosea.

Kisha akasema, "Na ile hesabu yako inasema nilipata laki mbili na arobaini na saba. Wewe ulikuwapo. Niliipata lini?" Alikuwa na haki. Bei iliyotangazwa niliiandika kana kwamba ni fedha iliyofika mfukoni. Kwa hiyo niirekebishe hapa: alitoa 60,000, akapokea kilo 75, ambazo kwa bei ya tangazo zilikuwa 247,500. Alichopata mwisho ni sehemu ya ile siri.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani. Nilimweleza kwamba nimeandika habari za homa ya mtoto na bakuli, nikamuuliza kama anakubali. Alikubali, kwa sharti nisimtaje mtoto kwa jina. Nikamuuliza kama alijua bakuli linazidi kilo. Alicheka mpaka akashika mlango. "Nani hakujua? Kwani mimi nilimpa nzuri? Nilimtilia zilizonyeshewa chini, nzuri juu."

Rasimu zote tatu nilikuwa nimemwandika kama mtu wa kuonewa tu, mikono mitupu. Kumbe naye alikuwa na hesabu yake chini ya bakuli. Hilo halimwondolei mjomba kilo 15 alizozidisha. Nimeziacha ukurasani, pamoja na korosho zilizonyeshewa na mwandiko wangu mstari wa nne.

Nilipoaga, mjomba aliniuliza kama kuandika kunalipa. Nikamwambia kidogo, tena baada ya kuchapishwa, na wakati mwingine unasubiri miezi. Akauliza kama hakuna anayetoa fedha kabla.